Jinsi ya kuandika barua ya kampuni kiongozi kuwaomba washiriki wakubali malipo ya dai lenye mgogoro

Maswali yanayotoka kwa maofisa wapya wa idara za madai ni yale yale: kampuni yetu ndiyo kiongozi, mteja amekataa hesabu ya mkadiria hasara, tumefika naye mahali pa kupatana, sasa tunawaandikiaje wenzetu? Je, tunaomba ruhusa au tunatoa taarifa? Wakikaa kimya tufanyeje? Mwongozo huu unajibu hayo kwa bima ya mali ya biashara iliyobebwa na kampuni kadhaa, kila moja kwa asilimia yake: kiongozi huendesha dai, na washiriki ni hizo kampuni nyingine.

Jambo la kushika mapema ni hili: meneja wa madai anayepokea barua yako kwa kawaida hana mamlaka ya kukubali peke yake. Ataipeleka kwenye kamati ya madai ya kampuni yake, na huenda pia kwa kampuni za bima mtawanyo, yaani zile zilizoikatia bima kampuni yake yenyewe. Barua nzuri ni ile anayoweza kuiweka mezani kwa kamati bila kuongeza karatasi wala kukupigia simu. Kila hatua hapa chini inalenga hapo.

Mfano tutakaoutumia

Ghala la rangi na vifaa vya ujenzi lipo Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Bidhaa zimewekewa bima ya moto ya shilingi bilioni 6. Kiongozi amebeba asilimia 40, mshiriki B asilimia 30, C asilimia 20 na D asilimia 10. Moto umetokea, na hasara baada ya kutoa thamani ya mabaki ni bilioni 2.4. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye thamani ya bidhaa zote zilizokuwa ghalani siku ya moto. Mkadiria hasara anasema zilikuwa za bilioni 8, kwa hiyo mteja alikata bima pungufu. Mteja anasema za bilioni 1.2 kati ya hizo zilikuwa za wafanyabiashara wengine waliohifadhi mali kwake, hazikuwa ndani ya bima yake, na hazistahili kuhesabiwa. Majina hatuyataji kwa kuwa mfano ni wa kufundishia, lakini mgogoro wa aina hii hutokea mara nyingi kwenye maghala.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mkataba wa bima kamili, pamoja na ukurasa wa mgawanyo wa asilimia na kipengele kinachoeleza mamlaka ya kiongozi kwenye madai.
- Ripoti ya mwisho ya mkadiria hasara na viambatisho vyake, si muhtasari.
- Maoni ya maandishi ya wakili kuhusu hoja zinazobishaniwa, na makadirio yake ya gharama za kesi.
- Pendekezo la mteja kwa maandishi, likionyesha tarehe linapoisha.
- Orodha ya malipo ya awali: nani amelipa, kiasi gani, tarehe gani.
- Ushahidi kwamba kila mshiriki alipelekewa sehemu yake ya ada ya bima. Wengi huusahau huu, na ndio unaotafutwa wakati muda umekwisha.
- Jina la mtu halisi wa kumwandikia kila kampuni. Barua iliyoelekezwa kwa "Meneja wa Madai" bila jina huweza kukaa masijala siku nyingi.

Hatua

1. Soma kipengele cha kiongozi kabla ya kuandika neno lolote.

Kuna hali tatu. Mkataba unaweza kusema washiriki watafuata malipo yote atakayoyakubali kiongozi. Unaweza kusema watamfuata hadi kiwango fulani cha fedha, au kwa madai yote isipokuwa malipo ya hisani, yaani yanayotolewa bila kukiri kwamba yanadaiwa. Au unaweza kunyamaza kabisa, na hapo kila kampuni inaamua kwa sehemu yake. Hali uliyonayo ndiyo itaamua kama barua yako ni taarifa, mashauriano au ombi. Ukiandika ombi wakati mkataba unakupa mamlaka, unawapa wenzako kura ambayo hawakuwa nayo. Na ukitoa taarifa mahali usipokuwa na mamlaka, unajifunga kwa mteja kwa fedha za watu wengine.

Usitegemee sentensi ya kujikinga kwenye makubaliano na mteja ibadili kilichomo kwenye mkataba wa bima. Katika shauri la San Evans dhidi ya Aigaion, lililoamuliwa London mwaka 2014, makubaliano ya malipo yalieleza wazi kwamba waliosaini wanalipa kwa sehemu zao tu na hawamfungi mtoa bima mwingine yeyote. Mahakama hata hivyo iliona mshiriki amefungwa, kwa kuwa mkataba wake mwenyewe wa bima ulimtaka amfuate kiongozi. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama za Tanzania wala Kenya, ila husomwa na huweza kushawishi.

Katika mfano wetu tuseme kipengele kinamruhusu kiongozi kumteua mkadiria na kuongoza mazungumzo, lakini malipo yenye mgogoro yanahitaji kukubaliwa na kila mshiriki. Kwa hiyo barua ni ombi.

2. Tenganisha yasiyobishaniwa na yanayobishaniwa.

Andika kwenye karatasi moja, safu mbili. Upande mmoja: chanzo cha moto, hasara ya bilioni 2.4, kiasi anachobeba mteja mwenyewe (asilimia 5 ya malipo). Upande wa pili: thamani ya bidhaa zote, na hoja ya B kwamba dai lote likataliwe kwa sababu vizima moto vilitakiwa kukaguliwa kila miezi 6 na ukaguzi wa mwisho ulikuwa miezi 8 kabla ya moto.

Hoja ya B usiifiche wala usiipuuze. Iandike kama B mwenyewe angeiandika, kisha weka maoni ya wakili chini yake. Katika mfano huu udhaifu wake upo wazi: baada ya taarifa za vizima moto kujulikana, malipo ya awali ya milioni 400 yaliidhinishwa bila barua ya kuhifadhi haki. Anayelipa huku anajua sharti limevunjwa, na haandiki kwamba anahifadhi haki zake, hujiweka mahali pagumu akitaka kulitumia sharti hilo baadaye.

3. Piga hesabu za kila upande hadi mwisho.

Hapa ndipo barua nyingi huharibika. Mwandishi hutaja kiasi kilichopatanwa bila kuonyesha kilikotoka, na kamati ya mshiriki huona ni namba iliyookotwa katikati. Onyesha njia nzima.

Kwa kuwa bima ni ya bilioni 6, malipo hupunguzwa kwa uwiano wa bilioni 6 kwa thamani halisi ya bidhaa, kisha hutolewa ile asilimia 5:

- Mkadiria, thamani bilioni 8: 2.4 × 6 ÷ 8 = bilioni 1.8. Baada ya asilimia 5, bilioni 1.71.
- Mteja, akitoa mali zote za wengine, thamani bilioni 6.8: 2.4 × 6 ÷ 6.8 = bilioni 2.118. Baada ya asilimia 5, bilioni 2.012.
- Mteja anapotishia mahakama, hudai kipunguzo kisitumike kabisa: 2.4 kutoa asilimia 5 = bilioni 2.28.

Sasa tazama nyaraka. Tuseme hati za mapokezi zinathibitisha mali za wengine zenye thamani ya milioni 700 tu kati ya ile bilioni 1.2. Thamani ya bidhaa za mteja inakuwa bilioni 7.3, na hesabu ni 2.4 × 6 ÷ 7.3 = bilioni 1.973. Baada ya asilimia 5 inabaki bilioni 1.874. Mteja yuko tayari kumaliza kwa bilioni 1.9. Tofauti kati ya kile nyaraka zinachothibitisha na kile unachoomba wenzako wakubali ni milioni 26. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya patano inayohitaji kutetewa kwa hoja ya gharama za kesi. Iliyobaki inajisimamia yenyewe kwa hati.

Kuwa makini na mpangilio: uwiano kwanza, kisha asilimia anayobeba mteja, isipokuwa mkataba wako unasema vingine. Pale kiasi anachobeba mteja kinapokuwa ni fedha maalumu badala ya asilimia, kugeuza mpangilio hubadili jibu.

4. Geuza kila kitu kuwa shilingi za mshiriki husika.

Kamati ya D haiamui kuhusu bilioni 1.9. Inaamua kuhusu milioni 190. Mpe kila mmoja namba yake, pamoja na namba ya kukataa. Kwa B, mwenye asilimia 30, patano ni milioni 570. Kesi ikienda vizuri kabisa na hesabu ya mkadiria ikashinda, ataokoa milioni 57. Ikienda vibaya na mteja akapata bilioni 2.28, ataongeza milioni 114, kabla ya riba na gharama za mawakili. Sentensi hizo tatu humsaidia B kuliko kurasa tano za historia ya dai.

5. Panga malipo ya awali kwa uangalifu.

Milioni 400 ziliidhinishwa. Kiongozi alilipa 160, B 120, C 80. D alitakiwa kulipa 40 na hakulipa. Kwa hiyo mteja ana milioni 360 mkononi, si 400. Jedwali sahihi ni hili, kwa milioni za shilingi:

| Kampuni | Sehemu ya 1,900 | Alizolipa | Baki |
|---|---|---|---|
| Kiongozi (40%) | 760 | 160 | 600 |
| B (30%) | 570 | 120 | 450 |
| C (20%) | 380 | 80 | 300 |
| D (10%) | 190 | 0 | 190 |
| Jumla | 1,900 | 360 | 1,540 |

Kosa la kawaida ni kutoa 400 kwenye 1,900, kupata 1,500, kisha kugawa kwa asilimia. D angeambiwa alipe 150, na mteja angepungukiwa milioni 40 ambazo hakuna anayejua ziko wapi hadi hati ya mwisho itakaposainiwa. Gawa kwanza, toa baadaye, kampuni kwa kampuni. Ada ya mkadiria na ya wakili ziweke kwenye jedwali lake la pili. Hizo si fidia, na wengi huzilipa kutoka mfuko mwingine wa hesabu.

6. Andika barua, kurasa mbili zisizidi tatu.

Mpangilio unaofanya kazi ni kuanza na ombi. Msomaji ajue ndani ya aya ya kwanza anatakiwa kufanya nini, kwa kiasi gani, hadi lini. Mfano kwa B:

> SIRI – BILA KUATHIRI HAKI
>
> Ndugu,
>
> Yah: Dai la moto, ghala la Barabara ya Nyerere. Ombi la kukubali malipo ya mwisho ya TSh 1,900,000,000
>
> Tunaomba kampuni yenu ikubali, kwa sehemu yake ya asilimia 30, dai hili limalizwe kwa TSh 1,900,000,000. Sehemu yenu ni TSh 570,000,000. Mmeshalipa TSh 120,000,000, hivyo iliyobaki ni TSh 450,000,000. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya saa 10 jioni ya tarehe iliyotajwa kwenye fomu iliyoambatanishwa. Pendekezo la mteja linaisha siku tatu za kazi baada ya hapo.
>
> Ubishi uliobaki ni thamani ya bidhaa siku ya moto. Hati za mapokezi, kiambatisho cha 2, zinathibitisha kwamba mali za TSh 700,000,000 hazikuwa za mwenye bima. Kwa msingi huo malipo ni TSh 1,874,000,000 kwa kukadiria. Tunapendekeza nyongeza ya TSh 26,000,000 ili kuepuka kesi. Makadirio ya wakili ya gharama yapo kiambatisho cha 4.
>
> Tumeizingatia hoja yenu kuhusu ukaguzi wa vizima moto. Maoni ya wakili yapo kiambatisho cha 3. Kwa kuwa malipo ya awali yalifanyika bila kuhifadhi haki, tunashauri hoja hiyo isitumike kukataa dai.
>
> Barua hii si ahadi kwa mwenye bima, na haiifungi kampuni yenu hadi mtakapojibu kwa maandishi.

Baada ya hapo weka jedwali la hatua ya 5, aya moja ya matokeo ya kesi kwa shilingi zao, na orodha ya viambatisho. Basi.

Maneno "bila kuathiri haki" yana maana kwenye mazungumzo ya kupatana, lakini hayageuzi kila karatasi kuwa siri mbele ya mahakama. Ndiyo maana maoni ya wakili yawe kiambatisho kinachojitegemea, chenye alama ya mawasiliano ya wakili na mteja wake, badala ya kunukuliwa aya kwa aya ndani ya barua.

7. Ambatanisha fomu ya jibu.

Weka mistari mitatu ya kuchagua: tunakubali kwa sehemu yetu, tunakubali kwa masharti haya, hatukubali kwa sababu hizi. Chini yake: jina, cheo, saini, muhuri, tarehe. Chini kabisa weka sentensi kwamba anayesaini ana mamlaka ya kampuni kwa kiasi hicho. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "hatuna shida, endeleeni" hautoshi, hata ukitoka kwa mkurugenzi.

8. Tuma kwa washiriki tu, siku moja, na fuatilia.

Usimpe nakala dalali wa bima. Kwenye biashara zetu dalali ndiye anayezunguka na karatasi za washiriki wote, kwa hiyo mkono huenda wenyewe kwenye jina lake. Lakini dalali ni wakala wa mteja. Barua yenye kiwango chenu cha juu na udhaifu wa hoja zenu ikifika kwake, patano la bilioni 1.9 halitakuwepo tena kesho yake.

Tarehe ya mwisho ihesabiwe kurudi nyuma kutoka siku pendekezo la mteja linapoisha. Siku 10 za kazi ni muda wa haki kwa kampuni yenye kamati. Piga simu siku ya tatu kuuliza kama kuna karatasi inayokosekana, na siku ya saba kuuliza kamati inakaa lini. Kwa Kenya kumbuka pia muda wa siku 90 wa kulipa madai uliomo kwenye Sheria ya Bima.

9. Saini na mteja baada ya majibu yote, si kabla.

Makubaliano yataje kila kampuni, asilimia yake na kiasi chake, na yaseme kila moja inawajibika kwa sehemu yake peke yake. Kama bidhaa zimewekwa rehani benki na benki imetajwa kwenye bima, saini yake inahitajika pia. Fedha zilizolipwa kwa mteja huku benki ikiwa na haki ya kulipwa kwanza huweza kudaiwa mara ya pili.

Makosa yanayorudiwa

La kwanza ni ile sentensi "tusiposikia kutoka kwenu ndani ya siku saba tutachukulia mmekubali." Kimya hakijengi makubaliano, isipokuwa mkataba wenyewe ulishasema hivyo. Sentensi hiyo inampa kiongozi usingizi mzuri na hakuna kingine.

La pili ni kuita patano "malipo ya hisani" ili kumridhisha mshiriki asiyetaka kukubali kwamba dai ni halali. Neno hilo linaweza kumnyima fedha za bima mtawanyo. Kipimo kinachotajwa sana kinatoka kwenye rufaa ya Insurance Company of Africa dhidi ya Scor, iliyoripotiwa Uingereza mwaka 1985 na kutokana na moto wa ghala nchini Liberia: chini ya kipengele cha kufuata malipo, mtoa bima mtawanyo hufungwa pale dai kama lilivyokubaliwa linapoingia ndani ya bima mtawanyo kisheria, na mlipaji ametenda kwa uaminifu na kwa hatua sahihi za kibiashara. Shauri hilo hilo lilionyesha kwamba mkataba ukiwa pia na kipengele cha kushirikiana kwenye madai, malipo yaliyofanywa bila idhini hayamfungi. Waulize washiriki kwenye barua kama mikataba yao ya bima mtawanyo inadai idhini ya awali, ili muda wa idhini hiyo uingizwe kwenye tarehe.

Mambo yakikwama

*Mshiriki anasema hakupata sehemu yake ya ada.* Tafuta hati ya kupeleka fedha na taarifa ya benki. Kama ada ilifika kwako na hukuipeleka, mteja hana kosa; pelekeni fedha, na mgogoro huo ubaki kati ya kampuni mbili nje ya dai. Kama ilikwama kwa dalali, wakili asome kipengele cha malipo ya ada kabla hujajibu lolote.

*Mshiriki anadai nyaraka mpya kila wiki.* Mwombe aorodheshe zote mara moja, na aseme kila moja itabadili nini kwenye uamuzi wake. Akishindwa kueleza, andika hivyo kwenye barua yako ya jibu na uendelee na tarehe ile ile.

*Anakubali kiasi lakini hana fedha hadi walio kwenye bima mtawanyo walipe.* Tenganisha siku ya kukubali na siku ya kulipa. Chukua kukubali leo, na uweke kwenye makubaliano tarehe ya malipo ya kila kampuni. Usilipe kwa niaba yake bila hati ya deni iliyosainiwa.

*B bado anakataa.* Waliokubali wanaweza kulipa sehemu zao. Katika mfano wetu kiongozi, C na D wana asilimia 70, yaani bilioni 1.33 kati ya 1.9. Wakishatoa milioni 240 walizolipa awali, inabaki bilioni 1.09. Makubaliano lazima yaseme kwamba mteja anamaliza dai dhidi ya hao watatu tu na anabaki na haki yake kamili dhidi ya B. Ukitumia hati ya kawaida ya "malipo kamili na ya mwisho ya dai lote", mteja mwenye wakili hatasaini, na asiye na wakili atakuwa amepoteza asilimia 30 bila kujua. Mtumie B nakala ya rasimu siku mbili kabla ya kusaini. Anapoona jina lake pekee limebaki kwa mteja, kamati yake mara nyingi huitisha kikao kingine.